N ni 100 tu, mbona muda unaisha? Tusaidiane kusoma mipaka ya swali

#1 MtotoWaHombolo
Wakuu, salaam. Nipo mwaka wa pili chuo hapa Dodoma. Kila Jumamosi tunakutana wachache kujinoa kwa ajili ya mashindano ya kuandika programu ya ICPC, na juzi kaka mmoja aliyetutangulia alitutungia swali ambalo limeninyima usingizi.

Mkulima ana makreti N ya zabibu. Kila kreti lina uzito wake kwa gramu na faida yake. Kirikuu kinabeba uzito usiozidi W. Chagua makreti yatakayoleta faida kubwa kuliko zote. Kreti halikatwi, ama unalibeba lote ama unaliacha.

Mipaka: N haizidi 100. W haizidi 10^9. Uzito wa kreti ni 1 hadi 10^9. Faida ya kreti ni 1 hadi 1000. Muda sekunde 2, kumbukumbu megabaiti 256.

Nikaona N ni 100, nikajua hili ni la kumaliza kabla chai haijapoa. Nikatengeneza jedwali la kawaida la uzito, `dp[x]` ni faida kubwa kwa uzito x. Jaji akanirudishia `Memory Limit Exceeded`. Nikaacha safu nikatumia `map`, nikihifadhi uzito uliofikiwa tu. Majaribio manne ya mwanzo yakapita, la tano `Time Limit Exceeded`. N ndogo hivi, muda unaishaje?

#2 kibaigwa255
Mkuu, shika hii ukae nayo. N ikiwa 20, unajaribu vikundi vyote, 2^N. Ikiwa 500, N^3. Ikiwa 5000, N^2. Ikiwa 200,000, upange kisha upite mara moja, N log N. Kwako N ni 100, na 100^4 ni 10^8, kwa hiyo hata lupu nne ndani kwa ndani zinapita. Umeandika vibaya mahali. Weka msimbo hapa tuuone.

#3 FundiSabasaba
Mimi nahisi laptopu. Yangu yenye gigabaiti 4 ilikuwa inanifanyia hivyo hivyo mpaka nikaongeza RAM. Ukiwa na shida ya vifaa njoo Sabasaba.

#4 Chilonwa_Juu
#3 kaka, programu haikimbizwi kwenye laptopu yake. Anatuma msimbo, unakimbizwa kwenye seva ya jaji, na muda unapimwa huko. Angetuma kwa simu ya elfu hamsini angepata jibu lile lile.

#2, orodha yako hata mimi naitumia, ila umeisoma nusu. Lupu nne za N zitakuwa zinazunguka juu ya nini hapa? Swali halina makundi ya makreti manne manne. Orodha inakwambia una nafasi ya kazi kiasi gani, haikwambii kazi yenyewe ni ipi. Na jedwali la ndugu yetu halikuwa la N peke yake, lilikuwa N mara W. Mia moja mara 10^9 ni 10^11. Hata jaji akubali hatua 10^9 kwa sekunde, hapo ni sekunde mia. Kumbukumbu nayo, namba 10^9 za baiti 8 ni gigabaiti 8 wakati amepewa megabaiti 256. Swali limemkatalia mara mbili kabla hajaandika mstari wa kwanza.

#5 BintiMpwapwa
Jamani, kirikuu kinabeba gramu 10^9? Hiyo ni tani elfu moja! Pale Majengo kikipakiwa tani moja tu tairi zinalia.

Ila nilipoanza kucheka ndipo nikaona jambo. Mtunzi kaiachia W ikawa kubwa kiasi cha kutoaminika, uzito wa kreti vivyo hivyo. Halafu faida kaibana, 1000 tu. Kwa nini aibane faida? Kama namba hiyo haina kazi angeiacha nayo iwe 10^9. Mimi nikisoma mipaka sitafuti kubwa, natafuta iliyobanwa bila sababu inayoonekana.

#6 Chilonwa_Juu
#5 dada umegusa penyewe.

MtotoWaHombolo, hesabu hivi. Makreti 100, kila moja faida isiyozidi 1000, faida yote ikijumlishwa haizidi 100,000. Jedwali la namba 100,001 ni chini ya megabaiti moja. Sasa geuza swali. Wewe ulikuwa unauliza, "kwa uzito huu, faida kubwa ni ipi?" Uliza, "kwa faida hii kamili, uzito mdogo kabisa ni upi?" Jedwali linapangwa kwa faida, na uzito unakaa ndani ya visanduku, ambako ukubwa wa namba haukusumbui. Kazi ni 100 mara 100,000, yaani 10^7. Ukimaliza, unatafuta faida kubwa ambayo uzito wake haujazidi W.

Swali kama hili lipo kwenye seti ya mazoezi ya AtCoder ya majedwali, swali D na swali E. Hadithi ni ile ile, N ni 100 kote. D ina W isiyozidi 10^5 na faida mpaka 10^9. E ina W mpaka 10^9 na faida isiyozidi 1000. Asiyesoma mipaka ataona mtunzi kajirudia. Ukweli ni kwamba kabadilisha mlango wa kuingilia.

#7 kibaigwa255
Nimekubali kwamba lupu nne hazina maana hapa. Ila mbona mzunguko wote huo? Panga makreti kwa faida kwa kila gramu, anza na bora, pakia mpaka kirikuu kijae. Hapo ni N log N. Sisi Kibaigwa mahindi tunapakia hivyo hivyo na faida inaonekana.

#8 BintiMpwapwa
#7 mahindi unaweza kupunguza gunia debe moja likaingia. Kreti halikatwi.

Chukua W ni 10. Makreti matatu: la kwanza uzito 6 faida 5, la pili uzito 5 faida 4, la tatu uzito 5 faida 3. Njia yako inaanza na la kwanza maana ndilo bora kwa kila gramu. Zinabaki 4, hakuna linaloingia. Faida 5. Ukiliacha hilo bora ukabeba mawili ya mwisho, uzito ni 10 kamili na faida 7.

Kwa jedwali la #6: baada ya kreti la kwanza, faida 5 inahitaji uzito 6. Baada ya la pili, faida 4 inahitaji 5, na faida 9 inahitaji 11. Baada ya la tatu zinaongezeka faida 3 kwa uzito 5, faida 7 kwa uzito 10, faida 8 kwa uzito 11, na faida 12 kwa uzito 16. Faida kubwa ambayo uzito wake haujavuka 10 ni 7. Nimefanya kwa kalamu kwenye daladala ya kwenda Ng'ong'ona, nikikosea nisahihisheni.

#9 kibaigwa255
Haujakosea. Nimerudia kwenye daftari, ni 7.

#10 Alizeti_Singida
Naona mnamwacha kijana aitupe `map` yake wakati haina kosa kubwa. Alihifadhi uzito uliofikiwa pamoja na faida yake. Shida ni kwamba kila kreti jipya linaweza kuongeza maingizo mara mbili. Kreti la ishirini anafika kama milioni moja, la ishirini na tano milioni 33. Jaribio la tano lazima lilikuwa na makreti mengi mepesi yanayoingia yote.

Dawa ni kufuta yaliyoshindwa. Kama kuna mzigo wa gramu 700 wenye faida 40, na mwingine wa gramu 900 wenye faida 40 au pungufu, huo wa pili hauna kazi tena, utupe. Ukifuta hivyo kila baada ya kreti, yanabaki yale ambayo uzito ukipanda na faida inapanda. Kwa kuwa faida tofauti hazizidi 100,001, nayo hayawezi kuzidi hapo. Mpaka ule ule wa 1000 unamwokoa, ila kwa mlango wa nyuma.

#11 Chilonwa_Juu
#10 hiyo sikuifikiria, na ni sahihi. Swali langu ni kasi. `map` ya C++ kila hatua inatembea kwenye mti, si sawa na kugusa safu. Maingizo 100,000 mara makreti 100 ukiweka na gharama ya mti, sekunde 2 naziona zikibana.

#12 Alizeti_Singida
Usitumie mti. Weka orodha mbili zilizopangwa, ya zamani na ya zamani iliyoongezwa kreti jipya, uziunganishe kwa kupita mara moja huku ukifuta. Mimi ilipita. Na majaribio mengi hayafiki hata robo ya kikomo.

#13 Mpambanaji_Kondoa
Wakuu, hili limenikuta wiki iliyopita na nadhani ni hilo hilo. Swali la kwangu N haizidi 2×10^5, nikaandika N log N safi kabisa, muda ukaisha kwenye jaribio la tatu. Kwa hiyo hiyo mipaka inadanganya, msiiamini sana.

#14 BintiMpwapwa
#13 hilo ni tofauti na la #1. Swali lako lilikuwa na T, yaani majaribio mengi ndani ya faili moja?

#15 Mpambanaji_Kondoa
Ndiyo, T haizidi 10^4. Na kulikuwa na mstari unaosema jumla ya N zote haizidi 2×10^5.

#16 BintiMpwapwa
Basi huo mstari ndio mpaka wenyewe. Nikuulize, kwa kila jaribio ulikuwa unasafisha safu nzima ya 200,000?

#17 Mpambanaji_Kondoa
Nilikuwa natengeneza `vector` mpya ya ukubwa 200,005 ndani ya lupu ya T.

#18 BintiMpwapwa
Hapo umejaza visanduku 2×10^5 mara 10^4, ni 2×10^9, hata kama majaribio mengi yalikuwa na N ya 20. Jumla ya N ilikupa ruhusa ya kufanya kazi inayolingana na N ya jaribio husika, wewe ukafanya ya N kubwa kila mara. Tengeneza ya ukubwa N+1. Mipaka haikukudanganya kaka, uliruka mstari mmoja.

#19 Mpambanaji_Kondoa
Imepita! Ahsante sana dada. Siku nne nilikuwa nabadilisha njia ya kupanga bure.

#20 MtotoWaHombolo
Nimerudi, umeme ulikatika huku. Nimeandika ya #6:

```cpp
vector<int> dp(S + 1, INT_MAX);
dp[0] = 0;
for (int i = 0; i < n; i++)
    for (int s = S; s >= v[i]; s--)
        dp[s] = min(dp[s], dp[s - v[i]] + w[i]);
```

S ni jumla ya faida zote. Sasa muda hauishi, ila naambiwa `Wrong Answer` jaribio la kwanza kabisa. Mfano wa #8 nao unatoa takataka.

#21 Chilonwa_Juu
Lupu ni sahihi, na umefanya vyema kushuka kutoka juu, maana ungepanda ungebeba kreti moja mara nyingi. Kosa lipo kwenye `int`. Kisanduku ambacho hakijafikiwa kina `INT_MAX`, yaani 2,147,483,647. Ukijumlisha uzito juu yake namba inafurika, mara nyingi inageuka hasi, na `min` inaipenda hasi. Ndiyo maana hata mfano mdogo unaharibika.

Hili nalo lilikuwa kwenye mipaka. Makreti 100 ya 10^9 yana uzito wa 10^11, `int` haitoshi. Weka `long long` na mwanzo uwe `1e18`:

```cpp
vector<long long> dp(S + 1, (long long)1e18);
```

Ukiongeza 10^9 juu ya 10^18 hakifuriki kitu.

#22 Mwl_Nkuhungu
Nimeusoma uzi wote. Mimi natunga maswali ya mazoezi kwa vijana, ngoja niwape upande wa jikoni.

Mtunzi anaandika kwanza programu anayoikusudia, halafu anaandika ile ya kizembe anayotaka ishindwe. Anaikimbiza ya kwanza, anaona inachukua muda gani, anaweka kikomo mara mbili au tatu ya hapo ili lugha na mtindo wa mtu visimwangushe. Kisha anaikuza N mpaka ile ya kizembe ikwame waziwazi. Kwa hiyo namba mnazoziona ni pengo kati ya programu mbili. Ndiyo maana zinaweza kusomwa.

Ila msiwe wakali sana na makisio. Kwa swali hili mtunzi angeweka faida mpaka 10,000, jumla ingekuwa milioni moja na kazi 10^8. C++ ingepita bado, mwenye Python angelia. Kuweka 1000 kumempa nafasi kila mtu. Na mara nyingine mimi hupunguza N kwa makusudi. Nina swali lenye njia ya N log N lakini nimeweka N 2000, kwa sababu N^2 inanitosha kupima ninachotaka kupima. Ukiamini mpaka moja kwa moja utadhani N^2 ndiyo njia pekee.

#23 kibaigwa255
Mwalimu, shikamoo. Sasa si ndiyo kusema kusoma mipaka kwanza ni kama kuchungulia majibu? Mwanafunzi aelewe swali, afikirie, mipaka aje aitazame mwishoni.

#24 Mwl_Nkuhungu
Marahaba. Darasani nakubaliana nawe, mara nyingine huwa nawafichia mipaka kabisa wafikiri. Ila kwenye ICPC mko watatu, kompyuta moja, kwa muda wa saa tano. Mipaka ni sehemu ya swali, aliyeiruka hajalisoma.

#25 BintiMpwapwa
Mimi hapo sikubaliani na nyote wawili. Nikisoma mipaka kwanza nafunga milango mapema, nikiona 100,000 sifikirii kitu cha N^2, na kuna siku N^2 ndogo ndiyo ilinifikisha kwenye njia nzuri. Mimi nasoma swali, naandika njia ya kizembe kwenye karatasi, ndipo natazama mipaka inaikataa kwa kiasi gani. Ikiikataa mara kumi, nanyoosha msimbo. Ikiikataa mara elfu kumi, kama ilivyomkataa MtotoWaHombolo, najua nilichopanga jedwali kwacho siko sahihi.

#26 Chilonwa_Juu
Hiyo ya kulinganisha naichukua. 10^11 dhidi ya 10^7 ni mara elfu kumi kweli.

#27 FundiSabasaba
Nimeelewa sasa kwamba RAM yangu haihusiki. Swali moja: mnasema 10^8 kwa sekunde, wengine 10^9, kipi ni kipi?

#28 Alizeti_Singida
10^8 ni ya kujilinda. Kujumlisha namba zilizopangana kwenye safu, C++ inakimbia zaidi ya hapo. Kutembea kwenye `map` ni chini ya hapo sana. Python tupu mimi huhesabu 10^7.

#29 kibaigwa255
Mimi na Python yangu, 10^7 ya swali hili iliniishia muda.

#30 Alizeti_Singida
#29 kama jaji ana `numpy`, lupu ya ndani inakuwa mstari mmoja, `dp` ikiwa safu ya `int64`:

```python
dp[v:] = np.minimum(dp[v:], dp[:-v] + w)
```

Upande wa kulia unahesabiwa wote kabla ya kuandikwa, kwa hiyo kreti halirudiwi. Kwangu ilikimbia chini ya sekunde.

#31 Chilonwa_Juu
Mimi bado naona mtu anayejinoa kwa ICPC ajifunze C++ tu.

#32 kibaigwa255
Hilo tufungulie uzi mwingine mkuu, hapa tutakesha.

#33 MtotoWaHombolo
IMEPITA. `long long` ndiyo ilibaki. Nawashukuru wote, Jumamosi zabibu za Hombolo nakuja nazo mwenyewe.

Nina moja la mwisho. Kaka yule kasema wiki ijayo atarudisha swali hili hili lakini W, uzito na faida zote ziwe mpaka 10^9. Hakusema N.

#34 BintiMpwapwa
Akiweka N 40, gawa makreti nusu kwa nusu. Kila nusu ya 20 ina vikundi 1,048,576. Vipange vya upande mmoja kwa uzito, futa vilivyoshindwa kama alivyosema #10, halafu kila kikundi cha upande wa pili kitafutie mwenzake mzito kuliko wote anayeingia. Vikundi 2^40 vyote ni kama 10^12, hutavimaliza, lakini milioni moja pande mbili unazimudu.

#35 MtotoWaHombolo
Na akiiacha 100?

#36 Alizeti_Singida
Basi jaribu kukata matawi: panga kwa faida kwa kila gramu, kadiria faida ya juu kabisa kama kreti la mwisho lingekatwa, ukiona haiwezi kushinda uliyokwisha pata unaacha tawi. Mara nyingi inakimbia vizuri.

#37 Chilonwa_Juu
Mara nyingi, ila mtunzi mwenye nia anaweza kupanga makreti yanayofanana uwiano na ikakwama. Kwa mipaka hiyo hakuna njia ninayoijua ya kukuhakikishia. Mimi ningerudi kusoma swali kama kuna mstari nimeruka, pengine uzito wote unakaribiana au faida ni sawa na uzito.

#38 Mwl_Nkuhungu
Au ameandika kwamba jibu la karibu linakubaliwa. MtotoWaHombolo, akilitoa liweke hapa lote kama lilivyo, na mipaka yake yote.